Boti, Switihati, Holta na Kauli: Mafunzo Niliyopata Kwenye Meza ya Kukatia

Nashona nguo za kike Dar es Salaam, na kazi zangu nyingi ni za kicheni pati, sendofu na harusi. Katika shughuli hizo watu hupigwa picha wakiwa wamekaa mezani, kwa hiyo sketi uliyoihangaikia wiki nzima haionekani kabisa. Kinachobaki kwenye albamu ni uso, mabega na shingo ya gauni. Ndiyo maana nimeishia kuwa mkali kuhusu shingo kuliko sehemu nyingine yoyote ya nguo.

1. Mteja akitaja jina la shingo, mwombe aionyeshe kwa kidole

Wateja husema "nataka boti" wakiwa na maana tatu tofauti. Yuko anayetaka mstari unaopita juu ya mitulinga, yaani ile mifupa miwili ya chini ya koo. Yuko anayetaka shingo pana iliyoshuka kidogo mbele. Na yuko anayetaka mabega yawe wazi kabisa, ambayo ni shingo nyingine tena. Switihati nayo huchanganywa na shingo ya V, na holta limekuwa jina la gauni lolote lisilo na mikono.

Siku hizi sibishani kuhusu jina. Nauliza mambo matatu: shingo inaanzia wapi begani, inashuka hadi wapi mbele, na inashikiliwa na nini. Hilo la tatu watu hulisahau, na ndilo linaloamua kama nguo itakaa. Shingo ya boti inashikiliwa na kipande kidogo cha bega kilichobaki. Holta inaning'inia ukosini. Switihati isiyo na mikanda haishikiliwi na kitu chochote juu, inasimama kutokea kiunoni. Kauli imeshikwa mabegani, lakini mbele imeachwa ilegee kwa makusudi.

Kwenye droo ninaweka utepe mweusi mwembamba. Mteja akifika namsimamisha mbele ya kioo na fulana yake ya kawaida, nabana utepe kwa pini kufuata umbo analolitaka, kisha namwambia arudi nyuma hatua tatu ajiangalie. Akiwa karibu na kioo anatazama kidevu na ngozi yake, akiwa mbali anaanza kuiona shingo. Wengi hubadili mawazo hapo hapo, kabla mkasi haujagusa kitambaa cha watu.

2. Tazama shingo na mabega kwanza, uso baadaye

Kuna michoro inayosambazwa sana kuhusu uso wa duara, wa mraba, wa yai, kila mmoja umepangiwa shingo yake ya gauni. Mimi siiamini sana. Nimewashonea wanawake wawili wenye nyuso zinazokaribia kufanana, mmoja akapendeza kwa boti na mwingine akaonekana kama amevutwa kichwa chini. Tofauti yao haikuwa usoni. Mmoja alikuwa na shingo ndefu na mabega yanayoteremka, mwingine shingo fupi na mabega yaliyonyooka.

Ninachoangalia kwanza ni nafasi kati ya kidevu na kishimo cha koo, pale mitulinga inapokutana. Vidole vyangu vitatu visipoenea hapo, shingo ya mteja naihesabu kuwa fupi, na nguo isiyoacha ngozi wazi itazidi kuifupisha. Halafu naangalia mabega. Mstari uliolala huyapanua, mstari unaoshuka huvuta jicho chini na kurefusha. Umbo la uso linaingia mwisho, kwa kanuni moja tu: mstari unaorudia umbo la taya huikazia. Mwenye taya pana zenye kona akivaa shingo ya mraba, taya ndiyo itakayosemwa. Kama anaipenda taya yake, na wako wengi wenye haki ya kuipenda, basi mpe hiyo hiyo.

3. Boti huharibika kwa sababu mbele na nyuma zimekatwa upana mmoja

Boti ni shingo ya mstari uliolala kutoka bega hadi bega. Fulana ya mistari ya mabaharia wa Ufaransa, iliyoingizwa kwenye sare ya jeshi lao la majini mwaka 1858, inajulikana kwa shingo ya namna hii. Baadaye ikahamia kwenye magauni. Audrey Hepburn aliivaa katika filamu ya *Sabrina* ya mwaka 1954, kwenye gauni jeusi lililofungwa vifundo vidogo mabegani, na mpaka leo wanaoleta picha za gauni la namna hiyo wanaleta kitu kinachofanana na lile.

Kwa uso, boti hufanya kazi ya meza: uso unaonekana umewekwa juu ya kitu kipana na tulivu. Mwenye mabega membamba au yanayoteremka hupata mabega. Mwenye nyonga pana hupata uwiano, kwa kuwa juu pamepanuka. Mwenye mitulinga iliyochomoza sana na asiyependa ionekane, mstari uliokatwa juu kidogo unaificha. Lakini mwenye shingo fupi na kifua kikubwa anapata ukuta wa kitambaa kutoka kooni hadi kiunoni. Huyo namshawishi tushushe mbele sentimita tatu au nne, na hapo tunakuwa tumeondoka kwenye boti, ila hatumwambii.

Sasa ufundi wake. Chukua mteja mwenye upana wa mabega wa sentimita 38. Nikimwachia sentimita 4 za bega kila upande, shingo inabaki na upana wa sentimita 30. Mzunguko wake, mbele na nyuma, unazidi 60, na kichwa cha mtu mzima huwa karibu 56, kwa hiyo gauni linaingia bila zipu ya nyuma ya shingo. Nikimwachia sentimita 8 za bega, upana unashuka hadi 22, na kichwa hakipiti tena. Lazima zipu au kishikizo begani. Ni hesabu ndogo, lakini nimewaona mafundi wakiikumbuka siku ya kujaribisha, mteja akiwa amekwama na mikono juu.

Tatizo kubwa zaidi ni shingo ya mbele kufumuka. Mteja akisimama imelala vizuri, akikaa au akikunja mgongo kidogo inatokeza mbele kama mdomo wa gunia, na mtu aliyesimama jirani anaona mpaka ndani. Sababu ni kwamba mbele ya kifua chini ya koo pameingia ndani, na kitambaa kilichokatwa sawa na nyuma kina ziada mahali hapo. Dawa yake nusu sentimita: mbele ikatwe nyembamba kuliko nyuma kwa kiasi hicho kila upande, kwenye ile ncha ya begani. Mabega yakiunganishwa, nyuma inaivuta mbele na kuitandaza. Kwa mteja anayeinama kidogo mabegani naenda hadi sentimita moja. Nyuma napenda ishuke kidogo kuliko mbele, maana shingo iliyo juu pande zote mbili hutambaa kwenda kooni kila anapoinua mikono kucheza, na harusini mikono huinuliwa.

Ndani ya kipande cha kumalizia shingo nagandisha gamu nyepesi kwa pasi. Bila hiyo, mstari uliolala huanza kuwa wimbi baada ya kufuliwa mara chache. Na begani, kwa ndani, nashona kiutepe chenye kishikizo cha kubonyeza ili kushika mkanda wa sidiria. Sina picha mbaya ninayoichukia kama boti nzuri yenye mkanda mweupe unaochungulia.

4. Switihati inachorwa juu ya mwili, haichorwi juu ya karatasi

Switihati ni zile pinde mbili zinazopita juu ya matiti na kukutana katikati kwenye kipembe kinachoshuka, mfano wa sehemu ya juu ya moyo uliochorwa. Inaweza kuwa na mikono, ikawa na lesi juu yake, au ikakosa mikanda kabisa. Kwa uso inafanya mambo mawili pamoja. Inaacha ngozi nyingi wazi kati ya kidevu na kitambaa, kwa hiyo shingo fupi inapumua. Na kile kipembe cha katikati kinachora njia ya kushuka, hivyo uso wa duara huonekana mrefu kidogo. Pinde zenyewe ni laini, zinapoza taya yenye kona.

Kinachoshinda wengi ni kwamba mstari wake unapita mahali ambapo mwili unapanda na kushuka ghafla. Juu ya titi kuna mwinamo, na karatasi haina mwinamo. Ukikata ulivyochora, ukingo wa juu utasimama mbali na ngozi. Nafanya hivi: nakata kwanza kwa kitambaa cha bei ndogo, namvalisha mteja, kisha nabana kwa pini ile ziada inayosimama juu ya kila titi. Kwa kawaida napata sentimita moja hadi moja na nusu kila upande. Ziada hiyo narudi kuiondoa kwenye karatasi, ndani ya mishono inayopita juu ya titi, ili ukingo uwe mfupi kuliko ulivyoonekana mezani. Ukingo huo naushonea utepe usiovutika.

Kipembe cha katikati kina siri yake. Baada ya kushona bitana, lazima ukate kwa ncha ya mkasi mpaka karibu kabisa na uzi, nyuzi mbili tatu tu zikibaki. Ukiogopa na kuacha nafasi, kikigeuzwa kinakunjamana na hakuna pasi itakayokinyoosha. Kabla ya kukata, shona pale kwa hatua fupi fupi, ili kitambaa kisichanike.

Kama haina mikanda, uzito wote ubebwe kiunoni. Ndani nashona mkanda imara wa kiuno unaofungwa kwa kulabu kabla ya zipu, pamoja na mifupa ya plastiki kwenye mishono ya wima. Gauni la namna hiyo likikosa mkanda wa ndani utalijua ukumbini bila kuuliza: bibi harusi anajivuta juu kwapani kila baada ya dakika chache. Kubana zaidi kifuani hakusaidii, kunasukuma nyama itokeze juu ya ukingo na kwenye kwapa.

Mkufu kwa shingo hii uwe mfupi, ukae kwenye mitulinga. Ukishuka mpaka kwenye kipembe, vitu viwili vinagombania sehemu moja.

5. Holta ni ya mabega, na mzigo wake uko ukosini

Holta inapanda kutoka kwapani kwenda shingoni, ikaacha mabega na sehemu kubwa ya mgongo wazi. Mistari yake miwili inaelekea juu na kukutana nyuma ya shingo, hivyo jicho linapanda moja kwa moja usoni. Mwenye mabega mazuri yaliyonyooka hung'ara. Mwenye mabega mapana sana anaonekana mpana zaidi, na wengine hulitaka hilo: wachezaji wa netiboli niliowashonea hawakutaka kitu kingine. Gauni jeupe la Marilyn Monroe katika filamu ya mwaka 1955, alilolibuni William Travilla, lilikuwa holta iliyofunguka katikati kwa V ndefu. Hiyo V ndiyo iliyompa nafasi chini ya kidevu. Holta iliyofunga mpaka kooni ni jambo jingine kabisa, inahitaji shingo ndefu.

Onyo langu ni uzito. Gauni refu la holta lenye mawe na bitana mbili likiachwa liningʼinie kwenye mkanda wa ukosini, mvaaji ataanza kuinamisha kichwa kabla keki haijakatwa. Hapo fremu yote ya uso imeharibika, maana kidevu kimeshuka. Bana gauni chini ya matiti au kiunoni ili mzigo ukae hapo, mkanda wa shingo ubaki na kazi ya kushika sehemu ya juu tu. Pembeni ya titi, kwenye ukingo wa kwapa, kuna ufumukaji ule ule wa switihati, uondoe kwa njia ile ile.

Nywele nazo ziamuliwe mapema. Rasta ndefu zilizoachiwa mgongoni zinafunika kila kitu ambacho mteja amelipia.

6. Kauli haikubali kitambaa kigumu, hata ukikibembeleza

Hii ndiyo shingo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kauli ni shingo ya mbele yenye kitambaa cha ziada kinacholegea na kuanguka kwa mikunjo laini, mmoja chini ya mwingine. Haina ukingo mkali, kwa hiyo haikati uso mahali popote. Kwenye satini au krepu yenye mng'ao, mikunjo hupokea mwanga na kuurudisha chini ya kidevu, na uso unaonekana laini. Mwenye kifua chembamba na mitulinga mikali hupata ujazo. Mwenye kifua kikubwa naye anaweza kuivaa, ila iwe na mkunjo mmoja wa chini badala ya lundo la mikunjo mitatu.

Alikuja dada mmoja na kitenge kipya, kile kizito chenye nta, pamoja na picha ya kauli kwenye simu. Sendofu ya mdogo wake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Fundi, nataka hivi hivi, ila kwa kitenge changu."

Sikumjibu kwa maneno. Nilikunja ncha ya kitenge kile, nikaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, nikaiacha ilegee. Kilisimama kwa kona kali, kikabaki hivyo. Kisha nikachukua mabaki ya krepu laini, nikayashika kwa hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi, nikayaachia. Yakashuka yenyewe.

"Aa," akasema, "kumbe ni kitambaa."

Ni kitambaa na ni mshazari. Kitambaa kilichokatwa kwa kufuata nyuzi hakina uhuru wa kujipinda pande zote. Kikikatwa hanamu ya digrii 45, nyuzi zake huteleza, nacho kinalegea. Madeleine Vionnet, mshonaji aliyefungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912, alijenga sifa yake juu ya ukataji huo, na kauli na holta ni kati ya shingo zinazohusishwa na kazi yake. Gharama yake ni kwamba hanamu hula kitambaa. Blauzi ya mita moja na nusu hugeuka ya mita mbili kwa urahisi, na kitenge chenye maua makubwa kikilazwa mshazari, maua nayo yanalala.

Tulikubaliana hivi: sketi na mgongo viwe vya kitenge, mbele juu pawe na kauli ya krepu yenye rangi moja iliyomo kwenye kitenge. Kuhusu kina, nilimpa ncha mbili za futi ya kupimia azishike mabegani, pale shingo itakapoanzia, sentimita 24 kati yake. Nikaiachia futi katikati ikining'inia, nikaipandisha na kuishusha mpaka akasema "hapo". Ilikuwa kama sentimita 13 chini ya mabega. Futi kati ya mikono yake ilisoma karibu sentimita 37. Huo ndio urefu wa ukingo wa juu wa kauli yake. Nafasi ni 24, kitambaa ni 37, na hizo 13 zilizozidi ndizo zinazofanya mkunjo. Hakuna haja ya kukisia wala kunakili namba ya mteja mwingine, kwa sababu futi inaanguka kwenye mwili wake kama kitambaa kitakavyoanguka.

Kwenye karatasi, sehemu ya juu ya mbele inafunguliwa katikati mpaka ukingo ufikie nusu ya namba hiyo, yaani sentimita 18 na nusu kutoka mstari wa kati, na ukingo huo uwe umenyooka kabisa, pembe mraba na mstari wa kati. Juu yake naongeza sentimita 8 za kitambaa hicho hicho, zinazokunjwa kwenda ndani. Usishone hapo kipande tofauti cha kumalizia, wala usiweke gamu. Mshono kwenye ukingo huo utakakamaa na mkunjo utavunjika. Hizo sentimita 8 pia ndizo zitakazoonekana mvaaji akiinama, kwa hiyo upande wa ndani lazima uwe msafi.

Kabla ya kuunganisha nililitundika lile pande la mbele usiku mzima. Hanamu hujivuta kwa uzito wake, na asubuhi upande wake mmoja huwa umeshuka kuliko mwingine. Ukishona kabla halijamaliza kushuka, litamalizia mwilini kwa mteja. Mwisho niliweka kipande kidogo cha risasi cha kushonea, kilichofungwa ndani ya kitambaa, katikati ya ule upindo wa ndani. Kinaivuta kauli irudi mahali pake kila anaposimama wima. Kishikizo kizito kidogo nacho kinafaa. Ila usikishone kwa ukingo wenyewe, kishone kwenye sehemu ya ndani ya upindo, ili kisionekane kimejichora.

Dalili ya kauli iliyokatwa vibaya ni rahisi kuiona: mkunjo unaanzia katikati ya kifua badala ya begani, au unalala upande mmoja. Wa kwanza ni upungufu wa kitambaa kwenye ukingo. Wa pili ni mshazari uliokosewa, na huo hauna marekebisho, unakata upya.

7. Uliza atafunga nini kichwani

Hili nimeliweka mwisho lakini naliuliza mwanzo. Mteja wa ushungi anayefunika shingo na kifua hana sababu ya kunilipa boti wala switihati. Uso wake unafremiwa na ushungi, na kwake nafanya kazi kwenye mabega na mikono. Akiwa anaufunga nyuma, shingo ya juu iliyolala inakaa vizuri chini yake, kauli inagombana nao kwa sababu mikunjo inakutana na mikunjo. Anayefunga kilemba kikubwa amejiongezea urefu na upana juu ya kichwa, na boti pana inakipa kilemba hicho mahali pa kusimama. Holta nyembamba chini ya kilemba cha namna hiyo humfanya aonekane mzito juu.

Kwa hiyo siku ya kujaribisha mteja aje na kilemba chake, kimefungwa kama atakavyokifunga siku ya shughuli, na hereni zile zile. Wenye hereni ndefu ninawabania utepe tena, sentimita mbili chini ya pale tulipokubaliana, kisha wanachagua.